Jiko la mkaa chumbani usiku: kichwa kinauma, mtoto haamki kunyonya, tatizo liko wapi?

Kama unasoma haya huku jiko lina makaa ndani na kuna mtu chumbani anayelalamika kichwa, acha kusoma. Mbebe mtoto, mwamshe kila aliyelala, tokeni nje na mlango muuache wazi nyuma yenu. Jiko litatolewa baadaye. Mtoto aliyevikwa kofia na kufunikwa kifuani kwa mama yake ataistahimili baridi ya uani. Hewa ya chumbani, yenye sumu ya mkaa iitwayo kaboni monoksaidi, hawezi kuistahimili.

Mimi ni tabibu wa zahanati pembezoni mwa jiji la Dodoma. Baridi ya huku si ya Makete wala Lushoto, lakini Juni na Julai usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa kipupwe unapenya hadi kwenye mifupa. Ndipo majiko yanapoingia vyumbani, hasa penye mzazi na kichanga. Asubuhi watu wanakuja na malalamiko ambayo kwa masikio yanafanana na malaria, chakula kibovu au uchovu tu. Nimeyapanga hapa jinsi watu wanavyoyasema wenyewe mlangoni, kisha chini ya kila moja nimeeleza jinsi ya kuijua sababu.

"Tumeamka wote kichwa kinauma, ila hakuna mwenye homa"

Hili ndilo lalamiko la kwanza na ndilo rahisi kulitatua, ukijua swali la kuuliza. Kichwa kinagonga, hasa paji la uso. Kuna kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito, na wengine wanatapika. Mwili hauna joto. Kuhara kwa kawaida hakupo.

Malaria haiwapigi watu watatu wa chumba kimoja saa ileile ya usiku mmoja. Chakula kibovu kinaweza, lakini hicho mara nyingi huja na tumbo la kuhara, tena humgusa kila aliyekula, hata aliyelala nyumba ya pili. Sumu ya jiko inachagua kwa njia nyingine kabisa: inamgusa aliyelala chumba kile na kumwacha aliyelala kwingine. Kwa hiyo ninapopata familia ya namna hii siulizi kwanza walikula nini. Nauliza: nani wa nyumba hii ni mzima, na yeye alilala wapi?

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, ililetwa familia kutoka upande wa Nzuguni. Mama alikuwa na mtoto wa wiki saba, na bibi mzaa baba alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kumlea mzazi. Chumba kilikuwa cha kupanga, kipya, mita 3 kwa 3, dari ya jipsamu, dirisha la alumini lenye kioo cha kuvuta. Wanawake wote wawili walikuwa na kichwa na kichefuchefu. Mtoto alikuwa amelegea na hakuwa amenyonya tangu usiku. Kipimo cha haraka cha malaria kilisoma hasi kwa wote watatu. Baba ndiye aliyewaleta, na yeye alikuwa mzima kama chuma. Ni mlinzi, alikesha kazini na kurudi saa kumi na mbili asubuhi.

Hapo nikawa nimeshapata jibu kabla ya kuuliza habari ya jiko. Watatu waliolala chumbani wanaumwa, na mmoja ambaye hakulala humo haumwi.

Kipimo cha pili mama alikuwa amekifanya mwenyewe bila kujua. Saa nane usiku alitoka kwenda chooni nje, na akanisimulia hivi: "Nilipofika uani kichwa kikapungua, nikasema afadhali. Nikarudi kulala, kikaanza upya." Kichwa kinachopungua uani na kurudi ukirudi chumbani si cha malaria. Ukiona hivyo kwako, usisubiri asubuhi.

Tahadhari moja juu ya kipimo hiki. Sumu hii inatoka mwilini polepole, kwa hiyo mtu aliyevuta nyingi anaweza kukaa nje nusu saa asione nafuu yoyote. Kutopata nafuu haraka hakumaanishi kuwa jiko halihusiki.

"Nilitaka kuamka, miguu ikakataa"

Watu wengi wakisimulia hili husema ni jinamizi, au kwamba kuna mtu anawachezea usiku. Mtu anaamka nusu, anasikia mtoto akilia kwa mbali, anataka kuketi, mwili hautii. Au anasimama, anafika mlangoni, anashindwa kukumbuka komeo linavutwa upande gani.

Misuli na ubongo vimekosa oksijeni. Ni hatua ya pili baada ya kichwa kuuma, na ndiyo inayoeleza kwa nini watu wazima wenye nguvu wanakutwa wamelala sakafuni karibu kabisa na mlango. Kwa sababu hiyo sikubaliani na anayesema, "Mimi nitaacha jiko, nikisikia vibaya nitalitoa." Akili ya kutambua vibaya na miguu ya kulitoa jiko ndivyo vinavyoondoka kwanza.

"Mtoto leo kalala vizuri mno"

Hapa nitakaa kidogo, maana mtoto hawezi kusema kichwa kinamuuma.

Mtoto wa wiki saba huamka kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ikipita saa tano bila kuamka, mama aliyechoka anashukuru. Katika chumba chenye jiko, usingizi huo ni dalili. Dalili nyingine ni mtoto kutapika maziwa zaidi ya kawaida yake, kulia kwa mlio usiotulizika kisha kunyamaza ghafla, kushika titi na kuliacha, shingo na mikono kulegea unapomnyanyua. Mwishoni linaweza kuja degedege, ambalo nyumbani litapewa sababu nyingine kabisa.

Jinsi ya kumpima: mvue blanketi, mnyanyue, mguse nyayo kwa ukucha, mpe titi. Mtoto mwenye usingizi wa kawaida atakunja uso, atavuta mguu, atanyonya hata kwa uvivu. Asipofanya hivyo, toka naye nje na uanze safari ya kituo cha afya. Usimpe maziwa ya ng'ombe "kuua sumu". Sumu haipo tumboni, ipo kwenye damu, na mtoto aliyelegea akinyweshwa kitu kinaingia mapafuni.

Kwa nini mtoto anaumia kabla ya mama yake ilhali wanavuta hewa ileile? Kwanza anapumua haraka: mtu mzima aliyelala anavuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika, kichanga 30 hadi 60. Kwa kilo moja ya mwili wake anaingiza hewa nyingi kuliko wewe. Pili, damu ya kichanga bado ina himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, aliyotoka nayo tumboni, na hiyo inaishika sumu hii kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana sitaki mtu aseme, "Mbona mimi nilikuwa naona sawa?" Mama anaweza kuumwa kichwa kidogo tu, mtoto ubavuni pake akawa ameshalegea.

Mjamzito naye asilale humo. Mtoto aliye tumboni hupata sumu kupitia kondo, na kwake inachelewa zaidi kutoka kuliko kwa mama.

"Lakini mwanangu, mbona hapakuwa na moshi?"

Hayo ni maneno ya yule bibi wa Mpwapwa, na aliyasema kwa uchungu kwa sababu alikuwa ameangalia. Jiko aliliwasha nje kwenye saa tatu usiku. Alilipepea mpaka moshi ukaisha, makaa yakakolea yakawa mekundu yote, ndipo akaliingiza saa nne ili maji ya kumkandia mzazi yapate moto na chumba kipate joto. Upepo ulikuwa unaingiza vumbi, akaziba chini ya mlango kwa kitenge. Kila alichofanya ndivyo alivyofundishwa.

Bibi alikulia kwenye nyumba ya tembe. Moto wa kuni ndani ya tembe una moshi, moshi unachoma macho, na macho yakichoma mtu anatoka au anafungua. Moshi ule ni mbaya kwa mapafu, sikatai, lakini walau unapiga kelele. Mkaa umeshachomwa tanuruni, moshi wake umeishia huko msituni. Unapouwasha tena jikoni, kinachobaki kutoka ni hewa isiyoonekana, isiyonuka, isiyo na ladha: kaboni monoksaidi. Tafadhali usiichanganye na hewa ukaa, ile tunayoitoa puani. Hizo ni mbili tofauti, na hii ya mkaa ndiyo inayoua kwa kiasi kidogo.

Inatokeaje? Kaa likipata hewa ya kutosha linaungua hadi mwisho na kutoa hewa ukaa. Katikati ya jiko, makaa yakilaliana, hewa haitoshi, kuungua kunaishia njiani na kaboni monoksaidi inazaliwa. Umewahi kuona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya makaa mapya? Hiyo ndiyo sumu yenyewe inaungua inapokutana na hewa juu. Ndimi za buluu zikizimika, kaa likabaki jekundu limetulia, watu husema sasa jiko limekuwa salama. Kumbe sumu bado inatoka, tofauti ni kwamba sasa haiungui, inaingia chumbani ilivyo. Hata kaa lililofunikwa na majivu, ambalo ukilitazama ni jeupe tu, bado linatoa mpaka lipoe kabisa.

Mwilini inafanya kazi hivi. Himoglobini ndiyo gari la kubebea oksijeni. Kaboni monoksaidi inalishika gari hilo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani inajaza viti polepole, pumzi baada ya pumzi, na oksijeni inakosa pa kukaa. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa.

Tufanye hesabu ya chumba kile. Mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, ni mita za ujazo 22.5. Kilo moja ya mkaa katika jiko la kawaida inaweza kutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksaidi. Bibi aliweka mkaa wa kukadiria nusu kilo, tuseme nusu yake iliungulia nje na robo kilo tu ikaungulia ndani. Hiyo ni gramu 50. Ukizigawa kwenye chumba kisichovuja unapata kama sehemu 1,900 za sumu katika kila sehemu milioni za hewa. Chumba chochote kinavuja, kwa hiyo tuseme robo tatu yote ilitoroka. Inabaki kama 480. Kwenye 200, mtu mzima anaumwa kichwa ndani ya saa mbili au tatu. Kwenye 400, kichwa kinakuja mapema zaidi na baada ya saa tatu hivi maisha yako hatarini. Ni robo kilo ya mkaa hiyo, kiasi cha kuchemshia maharage yasiive.

Jambo jingine linaloonekana wazi hapa ni nyumba yenyewe. Nyumba zetu za zamani za bati bila dari zilikuwa na mwanya mkubwa kati ya ukuta na paa, na milango ya mbao iliyopinda. Sasa tunapigilia jipsamu kuzuia vumbi na joto la Oktoba, tunaweka alumini na raba pembeni. Jiko ni lilelile, bibi ni yuleyule, chumba ndicho kilichobadilika. Ukisikia mtu anasema, "Sisi tumelelewa na jiko chumbani na hatukufa," muulize chumba hicho kilikuwa na dari?

"Tuliacha dirisha wazi kidogo", na kinga nyingine zinazoshindwa

Dirisha la wazi kidogo linapunguza, haliondoi. Usiku ukiwa na upepo hewa inapita, upepo ukitulia saa tisa haipiti, na hakuna aliye macho kujua umetulia. Tena mtu anayeota moto kwa sababu ya baridi atalifunga dirisha hilo usingizini. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja.

Beseni la maji pembeni ya jiko halisaidii. Kaboni monoksaidi karibu haiyeyuki kwenye maji. Kitambaa kibichi puani ni hivyohivyo: kinazuia majivu na sehemu ya moshi, hakizuii hewa hii.

Kulala kitandani badala ya mkekani hakusaidii. Kuna imani kwamba hewa ya jiko inatambaa chini. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribia ule wa hewa ya kawaida, ni nyepesi kidogo tu, na joto la jiko linaichanganya chumba kizima. Mtoto kwenye kitanda kirefu anavuta ileile.

Jiko sanifu linakula mkaa kidogo, na hiyo ni nafuu kwa mfuko. Si jiko la kulalia. Jiko la gesi linaungua vizuri zaidi, ila nalo halikutengenezwa kupasha chumba kilichofungwa usiku kucha. Jenereta usilikaribishe hata barazani chini ya dirisha.

Na kuna kosa linalofanywa na watu waangalifu: kuzima jiko kwa kulifunika majivu na kuliacha ndani "hadi asubuhi". Jiko lililofunikwa halijazimika, limenyimwa hewa, na nimeshaeleza makaa hufanya nini yakinyimwa hewa. Kulimwagia maji humohumo chumbani nako kunarusha mvuke na majivu ya moto penye mtoto. Likishamaliza kazi, libebe kwa kitambaa, lipeleke uani, upande ambao upepo hauirudishi hewa dirishani.

"Nesi kaweka kipimo cha kidole, kimesema 98"

Hili naliandika kwa wazazi na kwa wenzangu wa zahanati.

Ile klipu inayobanwa kidoleni, oksimita, inatazama rangi ya damu kwa mwanga na kukadiria viti vingapi vimekaliwa na oksijeni. Haiwezi kutofautisha kiti kilichokaliwa na oksijeni na kile kilichokaliwa na kaboni monoksaidi, kwa sababu kwa mwanga wake vyote vinaonekana vyekundu. Kwa hiyo inasoma 97 au 98 kwa mtu ambaye damu yake imejaa sumu. Mama wa Nzuguni alisoma 98, mtoto 97. Mtu asiyejua angewarudisha nyumbani na panado, na nyumbani jiko lilikuwa bado linangoja.

Midomo nayo inadanganya. Mtoto aliyekosa hewa kwa nimonia midomo hubadilika rangi kuwa ya buluu au kijivu. Huyu wa jiko anaweza kuonekana na midomo mizuri ya pinki. Vitabu vinataja ngozi nyekundu kama tunda, lakini hiyo ni nadra, huja kwa kuchelewa, na kwenye ngozi zetu haionekani kirahisi. Usiisubiri.

Kipimo cha kweli ni cha damu, kinachopima kaboni monoksaidi yenyewe, na zahanati hatuna. Kwa hiyo maneno ya mzazi ndiyo kipimo. Ukifika, sema mapema, hata kama hujaulizwa: "Tulilala na jiko la mkaa ndani, tangu saa fulani mpaka saa fulani." Usione aibu na usimfichie bibi. Sisi tunaompokea mtoto hatuna njia nyingine ya kujua.

Tiba ni oksijeni, nyingi, kwa barakoa inayobana uso, bila kujali oksimita inasema nini. Ukikaa tu kwenye hewa safi, sumu iliyo kwenye damu inapungua nusu kwa muda wa saa nne hadi tano. Ukipewa oksijeni tupu inapungua nusu kwa saa moja hadi moja na nusu. Kwa mtoto tofauti hiyo ni kubwa, ndiyo maana "kapata nafuu alipopigwa upepo" hakutoshi kumrudisha nyumbani. Familia ile tuliipandisha gari kwenda hospitali yenye oksijeni, na kwenye karatasi ya rufaa niliandika kwa herufi kubwa: JIKO LA MKAA CHUMBANI KWA MUDA WA SAA NANE, USIAMINI OKSIMITA. Mtoto alianza kunyonya mchana, jioni akalia kwa sauti hadi mama yake akacheka.

Kama mtoto hapumui mnapotoka nje, msisubiri bajaji. Mlaze chali mahali pagumu, kichwa kikiwa sawa, si kimepinda nyuma sana. Funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, puliza pumzi ndogo mpaka uone kifua kinanyanyuka, rudia mara ya pili. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua, mara 30 haraka, pumzi 2 tena, na uendelee hivyo njiani hadi mfike. Kama mtu yuko ndani na hamwezi kumfikia, Zimamoto na Uokoaji ni 114, bila malipo. Usiingie peke yako bila kwanza kufungua mlango na dirisha. Mwokoaji naye anaweza kuanguka humohumo.

"Alipona, sasa baada ya wiki mbili amekuwa tofauti"

Hutokea. Siku kadhaa hadi wiki kadhaa baada ya sumu kutoka, mtu mzima anaweza kuanza kusahau, kuwa na hasira asizokuwa nazo, au kutembea kama amelewa. Kwa kichanga utaona ananyonya vibaya tena, hakufuati kwa macho kama mwanzo, au mwili umekuwa mgumu au mlegevu. Mrudishe alikotibiwa na utaje lile tukio la jiko. Siku ya kliniki ya chanjo litaje pia, liandikwe kwenye kadi yake.

"Basi mtoto apate joto wapi?"

Swali la haki, maana kichanga akipoa naye anaugua. Joto lake la mwili liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Lipime kwa kipimajoto kwapani. Kama huna, gusa kifua na shingo kwa nyuma. Mikono na nyayo za kichanga mara nyingi huwa baridi hata akiwa sawa, na hiyo ndiyo inayowafanya akina bibi waite jiko.

Joto la kwanza ni mwili wa mtu. Mtoto akiwa na nepi na kofia tu, kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha khanga na shuka la Kimasai juu yao wote wawili wakiwa macho, anapata joto haraka kuliko jiko litakavyopasha kuta za tofali. Baba naye ana kifua. Kwa usingizi, mvalishe tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe, soksi, na blanketi lisilozidi kifua. Usimfunike uso, na usimrundikie mablanketi mazito. Akitoka jasho shingoni umezidisha.

Kitanda kipashwe, chumba kiache. Jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, ivingirishe kwenye taulo, ilaze anapolala mtoto kwa nusu saa, halafu iondoe kabla hujamweka. Usimwachie humo, inaunguza na inavuja.

Upepo uzuie unapompiga mtoto, usizibe chumba. Kisogeze kitanda mbali na ukuta wa upande wa upepo na mbali na dirisha, tundika kitenge au pazia zito kati ya dirisha na kitanda, tandika mkeka au zulia sakafuni. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha yabaki wazi.

Aliye na umeme anaweza kutumia hita. Ya wati 1,000 inakula uniti moja ya luku kwa saa, kwa hiyo ukiiwasha saa moja kabla ya kulala na saa moja alfajiri ni uniti mbili kwa usiku. Iwe mbali na neti na mapazia, na isichomekwe kwenye ekstensheni dhaifu.

Na mzazi anayekandwa? Maji yachemkie nje au jikoni kwenye hewa, yaingie chumbani ndani ya ndoo. Bibi wa Mpwapwa alinijibu kwamba ndoo inapoa kabla hajamaliza mgongo. Tukakubaliana chupa mbili za chai zenye kutunza joto, moja ya kuongezea na moja ya akiba, na jiko likabaki uani chini ya mwarobaini.